Kichwa cha tathmini kiseme nunua au acha, na kwa kazi gani

"Shikamoo mhariri. Ninaongoza wageni mlimani, makazi yangu Moshi, na siku hizi naandika tathmini za vifaa vya kupandia. Niliandika kuhusu taa ya kichwa ya kuchaji, nikaeleza kila kitu, lakini wenzangu wakishasoma wananipigia simu: 'Kwa hiyo ninunue au nisinunue?' Nikiwajibu 'Kwa kambini chukua, kwa kilele hapana' wanaridhika. Jibu hilo lipo kwenye tathmini, nililiweka mwishoni ili wasome yote. Kichwa na mistari ya kwanza niandikeje ili mwenye haraka aelewe, na mwenye nafasi bado aendelee kusoma? Nimekutumia nilichoandika. Na je, njia hiyo inafaa pia kwa nyumba za wageni, kwa kuwa wateja wangu hulala Arusha kabla ya kuja huku?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma tathmini yako yote kwa makini, na nina furaha kukuambia kwamba kazi ngumu umeshaimaliza. Umekitumia kifaa mlimani, umeangalia saa, umekumbuka ulikuwa wapi kilipozingua. Hayo ndiyo yanayokosekana katika tathmini nyingi ninazoletewa hapa Arusha. Shida yako ni mpangilio tu: mambo ambayo msomaji anayahitaji yapo aya ya saba, na yale asiyoyahitaji kabisa yapo juu.

Tuanze na hayo ya juu. Kichwa chako kinasema: "Uzoefu wangu na taa ya kichwa ya kuchaji." Kisha mistari yako ya kwanza ni hii: "Taa ya kichwa ni kifaa muhimu kwa kila anayepanda Mlima Kilimanjaro. Sokoni kuna aina nyingi na kila moja ina faida na hasara zake. Leo nitawaelezea kuhusu moja niliyoinunua." Sentensi zote tatu ni za kweli, na hakuna hata moja inayomsaidia mtu. Anayetafuta tathmini ya taa ya kichwa anajua tayari kwamba taa ni muhimu, ndiyo maana anaitafuta. Kwamba aina ni nyingi anajua pia, kwa sababu amesimama mbele ya rafu yenye aina tano. Umempa mistari mitatu bila kumwambia neno ambalo hakuja nalo.

Mfikirie huyo msomaji kwa sura yake halisi. Ni mwenzako yuko dukani Moshi mjini, muuzaji anamwangalia, taa iko mkononi, bei ni elfu hamsini. Au ni mpagazi anayefunga mzigo jioni, kesho alfajiri gari linamchukua kwenda geti la Machame, na akishaingia msituni mtandao unakuwa wa kubahatisha. Amefungua simu, ataona kichwa na mistari miwili, mitatu ya mwanzo, kisha ataamua kama anabonyeza kuendelea kusoma. Swali analokuja nalo ni moja: niitoe hela hii au nisiitoe? Sisi tuliolelewa kwa salamu ndefu tunaona ni utovu wa adabu kuingia kwenye jambo bila kupiga hodi, na barua ya heshima huanza hivyo hivyo. Lakini huyu hakutembelei. Amekuuliza kitu, na adabu kwake ni kumjibu kabla hajalazimika kuuliza tena. Kila simu uliyopigiwa ni alama kwamba hapo juu hukumjibu.

Na jibu lenyewe unalo. Umeniandikia kwamba ukipigiwa unasema: "Kwa kambini chukua, kwa kilele hapana." Hiyo ndiyo hukumu ya tathmini yako, na imetoka kinywani mwako ikiwa imekamilika kuliko ilivyotoka kwenye maandishi. Ina uamuzi, chukua au hapana. Ina kazi, kambini au kileleni. Na kwa kugawanya kazi hizo mbili, imeonyesha kikomo, yaani mahali ambapo uamuzi wako unageuka. Mambo hayo matatu yakiwepo, msomaji anaweza kujipima mwenyewe: mimi ni wa kambini au wa kileleni? Kama ni mpishi wa kambi asiyepanda kilele, basi kwake ni ndiyo. Ukiandika "taa nzuri sana" unamnyima nafasi ya kujipima, kwa sababu hajui nzuri kwa kazi ipi.

Kwa hiyo njia yangu ya kutafuta kichwa ni hiyo. Ukimaliza kuandika tathmini, usianze kukuna kichwa kutafuta maneno mazuri. Jiulize ungemjibu nini mwenzako kwa simu wakati salio lake linakaribia kuisha. Andika jibu hilo kama lilivyotoka, halafu ndipo ulitengeneze.

Kulitengeneza ndiko kunakohitaji uangalifu, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo watu wengi wanapoharibu hukumu nzuri.

Jambo la kwanza ni kukatwa. Simu haionyeshi kichwa kizima kila wakati. Kwenye orodha, kichwa kirefu hukatwa na kuwekewa nukta tatu, na wapi kitakatwa inategemea upana wa kioo na ukubwa wa herufi aliouchagua mwenye simu. Wazee na wenye macho mazito huongeza herufi, kwa hiyo wanaona maneno machache zaidi. Sasa chukua jibu lako uliweke kama kichwa: "Kwa kambini chukua, kwa kilele hapana." Likikatwa katikati linabaki "Kwa kambini chukua, kwa…" na mtu anayekwenda kileleni ameondoka na neno "chukua". Ukiandika "Taa hii inafaa kwa matumizi ya kambini lakini haifai usiku wa kilele", hali ni mbaya zaidi, maana sehemu inayobaki baada ya kukatwa ni sentensi kamili inayosema inafaa. Hukumu yako imegeuzwa kinyume chake bila wewe kuandika uongo wowote.

Dawa yake ni kuuliza: kati ya sehemu mbili za hukumu, ni ipi ambayo mtu akiikosa ataumia? Hiyo itangulie. Mpishi akikosa kusoma kwamba taa inafaa kambini, atanunua nyingine, basi. Mwenye wageni akikosa kusoma kwamba taa haimfikishi kileleni, atajikuta gizani kwenye changarawe juu ya kambi ya Barafu na watu wanne nyuma yake. Kwa hiyo onyo linaanza, ruhusa inafuata. Hata likikatwa, kilichobaki kinaelekea upande salama.

Jambo la pili ni neno "lakini" na ndugu yake "ila". Kwenye Kiswahili chetu, mtu akisema sifa na kasoro akaziunganisha kwa "lakini", kinachokuja nyuma ndicho tunachokichukua kama msimamo wake. Linganisha "Ghali lakini inadumu" na "Inadumu lakini ghali". Habari ni zile zile. Anayesoma ya kwanza anaingiza mkono mfukoni, anayesoma ya pili anaondoka. Wewe katika aya yako ya saba umeandika: "Usiku wa kilele ilinisumbua lakini kwa ujumla ni taa nzuri." Umemaliza na sifa, na msomaji ameondoka na sifa, ingawa moyoni ulitaka kumzuia. Sikuambii uache neno hilo. Nakuambia ukiliweka kwenye kichwa, angalia kilichokaa nyuma yake kama ndicho unachokisimamia. Mara nyingi ni afadhali kulitoa na kutumia mkato au nukta mkato, kila upande ukasimama kwa uzito wake.

Jambo la tatu ni jina la kifaa. Kama mahali unapoandikia jina la bidhaa limeshaandikwa juu ya tathmini, usilirudie kwenye kichwa, unapoteza nafasi ya maneno manne. Kama halipo, liweke, tena pamoja na toleo lake, kwa sababu kampuni hutoa taa tatu zenye jina moja na tarakimu tofauti. Na pale ambapo hakuna sehemu ya kichwa kabisa, kama maoni ya Google Maps, sentensi yako ya kwanza ndiyo kichwa, kwa hiyo yote niliyosema hapo juu inaihusu hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niisome tathmini yako mara mbili. Katikati ya aya ya saba umeandika, kwa kupita tu: "Kulipokucha tukiwa Stella Point na jua kupiga, nikaibonyeza ikawaka tena vizuri." Umeiacha hapo, ukaenda kuzungumzia mkanda wake. Mdogo wangu, hiyo sentensi inabadilisha hukumu.

Tuipange habari kama ilivyo kwenye maandishi yako. Mlipanda kwa njia ya Machame. Taa ulikuwa umeitumia usiku wote wa kambi, Machame, Shira, Barranco na Karanga, kwa mwanga mdogo, na haikuzima. Mlipofika Barafu, mita 4,673, uliichaji tena kwa pawabenki hadi ikajaa. Mliondoka saa 6 usiku, ukaiwasha kwa mwanga wa juu kabisa kwa sababu ulikuwa mbele unatafuta njia. Saa 9:30 ikafifia hadi ukashindwa kuona unapokanyaga, na Stella Point, ambayo ipo mita 5,756, bado ilikuwa mbele. Ukamalizia kwa kufuata mwanga wa mwenzako. Jua likatoka, taa ikapata joto, ikawaka tena bila kuchajiwa.

Kama chaji ingekuwa imekwisha kabisa, isingewaka vizuri asubuhi. Betri za lithiamu za kuchaji hutoa nguvu kidogo zikiwa kwenye baridi kali, maana mwendo wa kemikali ndani yake unakuwa mzito. Zikipata joto, sehemu ya nguvu iliyokuwa imejificha inarudi. Kwenye taa yako betri iko ndani ya taa yenyewe, mbele ya paji la uso, inapigwa na upepo wa usiku, na huwezi kuiweka kifuani ndani ya jaketi huku unaitumia. Kwa hiyo ulichokiona ni mambo mawili yamekutana: mwanga wa juu unaokula chaji haraka, na baridi inayoizuia betri kutoa kile kilichobaki. Kusema tu kwamba "haina chaji ya kutosha" si sahihi, na mtu akiijaribu sebuleni kwake Moshi itawaka saa nyingi, atakuona umeisingizia.

Pia umesema kwenye boksi kuna "saa 8", na ulitaka kichwa kiwe "Saa 8 za uongo". Usifanye hivyo. Saa zinazoandikwa kwenye boksi zinapimwa kwenye maabara isiyo na baridi ya mlimani, na mara nyingi idadi kubwa inayoonekana mbele ni ya mwanga mdogo. Ya mwanga wa juu imeandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Hata kwa watengenezaji wanaofuata kipimo cha ANSI/PLATO FL 1, saa zinahesabiwa mpaka mwanga unaposhuka hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo, ambao ni mwanga wa kuonea ndani ya hema, si wa kutafutia njia kwenye mteremko. Kwa hiyo mtengenezaji anaweza kuwa amesema kweli na wewe ukawa umekwama kweli. Kichwa kinachomwita mtu mwongo kinahitaji ushahidi kwamba ulijaribu kwa mwanga ule ule na hali ile ile aliyoitaja. Huna ushahidi huo. Unao ushahidi mwingine ulio bora kwa msomaji wako: kilichotokea pale anapokwenda yeye.

Hapo ndipo kipimo cha hukumu kinapokaa. Kichwa kisiwe kikubwa kuliko ulichokiona. Umeitumia safari moja, taa moja, kwa mwanga wa juu. Hukumu inayobebwa na hayo ni kwamba usiku wa kilele mtu asiitegemee hiyo peke yake. Haibebi "haifai kabisa", wala haibebi "taa mbovu kuliko zote". Neno "kuliko zote" lina masharti yake: uwe umezijaribu nyingine kwenye safari ile ile.

Basi kichwa ambacho ningekipitisha ni hiki:

"Usiku wa kilele isiwe taa yako pekee; kambini inatosha"

Kisome kwa kukikata. "Usiku wa kilele isiwe taa yako…" Bado kinaonya. Kikionekana kizima, mpishi amepata ruhusa yake. Hakuna "nzuri", hakuna "mbaya", na bado kila mmoja anajua afanye nini.

Baada ya kichwa, mistari ya kwanza ina kazi moja: kumwonyesha msomaji kwa nini akuamini. Usirudie kichwa kwa maneno mengine. Wengi wanaandika kichwa chenye hukumu, halafu sentensi ya kwanza inasema hukumu ile ile kwa kirefu, na msomaji anahisi anazungushwa. Nenda moja kwa moja kwenye tukio lililoizaa hukumu, na tukio hilo liwe na saa, mahali na hali ya kifaa. Kwa maneno yako mwenyewe, nikiyapanga tu, ingekuwa hivi:

"Niliondoka Barafu saa 6 usiku ikiwa imejaa chaji, nikaiwasha kwa mwanga wa juu. Saa 9:30 usiku ilififia nisione ninapokanyaga, kabla ya Stella Point. Jua lilipotoka ikawaka tena, kwa hiyo baridi nayo iliibana betri. Kwa mwanga mdogo ilinitosha usiku nne kambini, Machame hadi Karanga, bila kuchajiwa. Nimeitumia safari moja. Ukipanda nayo, beba ya pili ya betri za kubadilisha."

Angalia mpangilio wake. Sentensi tatu za kwanza zinathibitisha nusu ya kwanza ya kichwa, ya nne inathibitisha nusu ya pili. Ya tano, ambayo ni fupi kuliko zote, inamwambia msomaji uzito wa ushahidi wako. Watu wanaogopa kuandika "safari moja" wakidhani inawashusha. Mimi ninayesoma tathmini kila siku nakuhakikishia kwamba inampa msomaji kitu cha kushika: anajua kwamba mwingine akija na safari kumi zenye matokeo tofauti, amsikilize huyo. Sentensi ya mwisho inampa njia mwenye taa hiyo tayari, maana wapo waliokwishanunua na hawana hela ya kununua tena. Na hapo, "betri za kubadilisha" ina maana ya zile anazoweza kuziweka kwenye mfuko wa ndani wa jaketi zikapata joto la mwili mpaka zitakapohitajika.

Kuhusu saa, andika kwa saa zetu kama ulivyofanya, lakini neno "usiku" lisidondoke. "Saa 9:30" peke yake, kwa mgeni aliyejifunza Kiswahili kidogo na anayehesabu kwa saa za kwao, inaweza kuwa asubuhi. Wateja wako baadhi yao wanasoma.

Sasa hofu yako kwamba ukisema mwanzoni hakuna atakayesoma mwisho. Naielewa, kwa sababu umefundishwa insha shuleni, utangulizi, kiini, hitimisho, na jibu huwa linakaa kwenye hitimisho. Lakini angalia kinachotokea sasa: wenzako hawasomi mpaka mwisho hata hivyo, ndiyo maana wanapiga simu. Jibu likiwa juu, wataondoka wale waliotaka jibu tu, nao wameondoka na kitu cha kweli. Watakaobaki ni wale wenye swali la pili, na swali la pili huzaliwa na jibu la kwanza. Mtu akisoma kwamba betri ilibanwa na baridi, atataka kujua baridi ilikuwa ya kiasi gani, mwezi gani, taa ilikuwa juu ya kofia au chini yake, mwanga wa kati ungefika wapi. Hayo yote unayo na ndiyo mwili wa tathmini. Hamu ya kusoma inatoka kwenye jibu lililo wazi lenye sababu ambayo bado haijaelezwa yote. Kuficha jibu kunaleta uchovu.

Kitu kimoja cha kuepuka hapo: kichwa cha kitendawili. "Kilichonipata Barafu sitasahau" kitavuta watu wabonyeze, na wataondoka wakijua umewachezea muda wao. Wenzako mlimani ni haohao utakaokutana nao geti la Mweka wiki ijayo.

Ukishaandika, jaribu. Kipimo changu ni rahisi. Mpe simu mtu ambaye hajui taa yako, awe kondakta pale stendi au dada wa mgahawa, asome kichwa na mistari miwili ya kwanza tu. Ichukue simu. Muulize: "Huyu aliyeandika anasema ninunue?" Akijibu "Inategemea, kama unakwenda juu kabisa usitegemee," umefaulu. Akijibu "Anasema ni nzuri" au "Sijaelewa", rudi ukaandike upya, na usijitetee kwamba angesoma zaidi. Usimpe mwongozaji mwenzako kwa jaribio hili, kwa sababu yeye atajaza mapengo yako kwa ujuzi wake na utadhani umeeleweka.

Nyota nazo ziangalie. Umeipa taa nyota tano kati ya tano, na maneno yako yanasema isitegemewe usiku wa kilele. Msomaji wa haraka anaona nyota kabla ya herufi yoyote, na mambo mawili yanapopingana, ataamini lile lisilohitaji kusomwa. Mimi ningeipa nyota tatu kama taa inayouzwa kuwa ya mlima, nne kama ingekuwa inauzwa kama ya kambi. Huenda wewe ukaona tofauti, na ni sawa, ilimradi nyota na kichwa viende njia moja. Usitoe nyota tano kwa sababu muuzaji alikuwa mkarimu; ukarimu wake una nafasi yake chini, kwenye sehemu ya mahali uliponunua. Vivyo hivyo, boksi likichelewa kufika kutoka Dar es Salaam, hiyo si kasoro ya taa, na isiingie kwenye kichwa.

Umeuliza mwishoni mwa barua yako kama njia hii inafaa pia kwa nyumba za wageni, kwa kuwa wateja wako hulala Arusha kabla ya kuja huku. Inafaa, na tofauti moja. Taa uliyoinunua wewe na niliyoinunua mimi ni karibu kitu kimoja, ila nyumba ya wageni inabadilika kwa chumba, kwa siku na kwa msimu. Kwa hiyo kikomo cha hukumu hapo kinakuwa chumba na wakati. "Tulivu upande wa bustani, vyumba vya barabarani vinasikia bodaboda usiku kucha" ni kichwa kinachomsaidia mtu aombe chumba sahihi. "Pazuri sana, nitarudi" hakimsaidii hata mwenye nyumba. Na mistari ya kwanza itaje mwezi ulipolala, maana maji ya moto ya Juni, wakati wa baridi, ni jambo jingine na ya Januari.

Kuna wakati utamaliza kutumia kifaa na ukose hukumu. Usiilazimishe. Andika kwenye kichwa kile ambacho unakijua na kile kinachosubiriwa: "Imehimili mvua ya siku moja msituni, bado sijaijaribu juu ya Barranco." Hicho nacho ni kichwa kilicho wazi, na mwenye haraka anajua kwamba kwa kileleni akatafute kwa mwingine.

Ukienda tena na taa hii, fanya jaribio ambalo safari ya kwanza haikulifanya: iwashe kwa mwanga wa kati kuanzia Barafu, na iweke ndani ya slipingi begi mpaka dakika ya kuondoka. Matokeo yakiwa tofauti, anza kubadilisha kichwa, kisha mistari ya kwanza, kisha nyota. Wengi wanaongeza mstari chini kabisa, "Nyongeza: safari ya pili ilifika kileleni", na juu wanaacha hukumu ya zamani, ambayo ndiyo watu wataendelea kuisoma. Weka mwezi na mwaka wa safari hiyo ya pili kwenye sentensi ile fupi ya tano, mahali ulipokuwa umeandika "safari moja".